Kigingi Kimegoma Kutoka: Vigingi vya Turubai Kwenye Udongo Mkavu wa Mbuga

Mwezi wa nne, mvua za mwisho zikiwa bado hazijaaga, kigingi cha nondo kinaingia kwenye mbuga ya Igunga kwa nyundo sita au saba. Mwezi wa tisa ukirudi kukichukua utadhani kuna mtu alipita usiku akakimwagia zege. Unavuta, hakisogei. Unakipiga pembeni, kinapinda. Unakinyoosha, kinakatika, na nusu yake inabaki ardhini kusubiri tairi la mtu.

Mimi nakodisha maturubai Tabora mjini. Kazi nyingi ni harusi na misiba, siku mbili tatu turubai limeshuka, na vigingi vya kazi hizo havinipi taabu. Taabu ni turubai linalokaa miezi. Mwaka jana mnunuzi mmoja wa pamba alilichukua langu la mita 6 kwa 12 akaliweka Igunga, upande wa kuelekea Wembere, liwe kivuli cha mizani. Tulilisimamisha mwishoni mwa Aprili, ardhi ikiwa laini. Msimu wa ununuzi ukaisha, tukaenda kulitoa Septemba. Vigingi 12, kila kimoja nondo ya milimita 16 yenye urefu wa sentimita 70, na sentimita 60 zake ziko chini. Yote yaliyomo humu yanatokana na vigingi hivyo 12, na makosa niliyofanya kabla yake.

Kinachokishika ni nini

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Ndiyo maana kiangazi unaona nyufa zinazomeza mkono mzima. Kigingi kilipigwa ardhi ikiwa imevimba, kwa hiyo tope lilikikumbatia bila kuacha nafasi. Lilipokauka likasinyaa huku limekikumbatia vilevile, likakibana pande zote kwa urefu wote.

Juu ya hilo kuna zile mbavu za nondo. Tope liliingia kati ya mbavu na kukaukia humo, sasa kila mbavu imekalia kijino cha udongo mgumu kama tofali. Na kuna kutu. Chuma kilicholala kwenye unyevu wa Mei kimepata kutu, na ile kutu imejishikiza kwenye udongo. Ukifanikiwa kukitoa utaona gamba jekundu limebaki ukutani mwa shimo.

Ukivuta kwenda juu tu, unapigana na vyote hivyo kwa mpigo mmoja, sentimita zote 60. Ukikizungusha unavunja vile vijino na lile gamba la kutu bila kuhitaji kukiinua hata kidogo. Ndiyo sababu kazi yangu huanza na kuzungusha, na kuvuta huja mwisho.

Kwa nini kinapinda

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanalaumu chuma wakati kosa ni upande waliovutia. Nondo ya milimita 16 ya chuma laini ukiivuta kwa mstari wake yenyewe, ncha hadi kichwa, inabeba zaidi ya tani nne kabla haijaanza kurefuka. Hakuna mtu, na hakuna mtaimbo wa kawaida, utakaofika huko. Lakini nondo hiyohiyo ukiisukuma pembeni, sentimita 10 juu ya ardhi, uzito wa kilo 100 hivi unatosha kuanza kuipinda. Ardhi kavu imeishika kama jiliwa la fundi, kwa hiyo yote unayoyafanya pembeni yanaishia mahali pamoja: pale inapoingilia udongoni. Vigingi vyangu vilivyoharibika vyote vilipindia hapohapo, kwenye mstari wa ardhi.

Miaka kadhaa nyuma nilifunga kamba kwenye vichwa vya vigingi na kuvivuta kwa kirikuu. Gari linavuta kwenda mbele, halivuti kwenda juu. Vigingi vinne vikalala kama miwa iliyopigwa na upepo. Vitatu nilivinyoosha kwa nyundo, na viwili kati ya hivyo vikakatika msimu uliofuata palepale vilipokuwa vimepinda. Chuma kilichopindwa na kurudishwa baridi kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika mahali hapo, hata kama kwa macho kimenyooka sawa.

Kuna jambo moja la kukumbuka: kigingi cha turubai hakisimami wima. Kichwa chake kimeinama kuelekea nje, mbali na turubai. Mstari wake ni ule wa mwinamo, kwa hiyo ukikivuta wima kwenda juu bado unakipinda. Simama upande ule kichwa kilikoinamia, uvute kuelekea huko huko kwa mwinamo uleule.

Kabla ya kugusa nguvu yoyote

Legeza kamba za turubai kwanza, na turubai lenyewe lishushwe. Kisha chukua kipande cha mkaa, chora alama moja kwenye kichwa cha kigingi na nyingine ardhini mkabala nayo. Gonga kichwa kwa nyundo ya kilo moja, polepole, kutoka juu. Kikilia kwa sauti fupi iliyokufa, kimebanwa mwanzo hadi mwisho. Kikilia kwa mlio unaoendelea kidogo, sehemu ya juu iko huru na kinachokishika kiko chini. Tofauti hii ni rahisi kuisikia ukigonga viwili vitatu kwa kufuatana.

Halafu shika kichwa kwa mikono miwili ukitikise. Usitumie nguvu, unauliza tu. Majibu yake yako namna nne au tano, na kila moja lina dawa yake.

Hakitikisiki kabisa, sauti imekufa

Hii ndiyo hali ya kawaida, na hapo Igunga vigingi tisa kati ya 12 vilikuwa hivi.

Anza kwa kukipeleka chini. Najua inaonekana ni kichekesho. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee mwenye uwanja tuliokuwa tunafanyia kazi. Tulifika asubuhi, akatujibu shikamoo zetu, akaongeza na "mwangaluka" yake, kisha akakaa kwenye kigoda akitutazama. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuvuta mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Kijana," mzee akamwambia, "sisi mambo zetu, yaani vigingi vya kufungia ndama, hatuzivuti hivyo. Ipige kidogo iingie."

"Iingie tena, babu? Sisi tunataka itoke."

"Iingie. Ikikubali kuingia, imeshaachia."

Mzee yuko sahihi. Chini ya ncha mara nyingi udongo una unyevu kidogo na haujakaza kama wa juu, na nyundo ya kutoka juu inakwenda na mstari wa kigingi, kwa hiyo haiwezi kukipinda. Nyundo mbili au tatu za kadiri, kigingi kikashuka sentimita moja tu, kinatosha kukata vijino vyote kati ya mbavu kwa wakati mmoja. Kama kichwa chako ni pete iliyochomelewa, weka kipande cha mbao juu yake au piga kwenye nondo yenyewe. Ukiipiga pete, unachomelea upya.

Kisipokubali kushuka baada ya nyundo tano, acha. Kuendelea kutaumua kichwa tu.

Baada ya hapo zungusha. Natumia spana ya mabomba, ile yenye meno. Ishike nondo chini kabisa, karibu na ardhi, isizidi vidole viwili juu ya udongo. Ukishika juu, nondo inajisokota kati ya spana na udongo kabla chini hakujasikia kitu. Na usirefushe mpini wa spana kwa bomba kama wanavyofanya mafundi wa malori. Mpini wa nusu mita ukiegemewa kwa kilo 25 hivi unafika mahali ambapo chuma laini cha milimita 16 kinaanza kusokoteka bila kurudi. Mkono mmoja, nguvu ya kufungulia bolti ya baiskeli, kulia kidogo, kushoto kidogo. Tazama alama za mkaa. Alama ya kichwani ikisogea na kubaki iliposogea, umevunja gamba. Ikisogea kisha ikarudi yenyewe ukiachia, kigingi hakijazunguka, kimejisokota kama waya. Hapo maji yanahitajika.

Kikishazunguka robo ya duara kila upande, endelea mpaka kizunguke bila kukwaruza sana, halafu kivute ukiwa unazungusha. Vinne vilitoka hivyo kwa mikono, kila kimoja ndani ya dakika kumi.

Kinajisokota na kurudi

Hapa ndipo watu wanapomwaga ndoo ya maji, wanasubiri dakika tano, wanavuta, hakitoki, wanasema maji hayasaidii. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji haraka. Ndoo nzima inalowesha sentimita mbili za juu na iliyobaki inatiririka kwenda kwa jirani. Kuna baya zaidi: udongo wa mbuga ukipata maji unavimba kabla haujalainika. Kigingi chako, ambacho sehemu ya juu yake labda ilikuwa na mwanya, sasa kimebanwa kwa nguvu zaidi. Ukivuta katika saa hiyo ya kwanza unavuta wakati mbaya kuliko kama usingemwaga kitu.

Maji yana faida kama yatapita pembeni mwa kigingi mpaka kwenye ncha, na kama utayapa muda. Kwa hiyo kwanza fungua njia. Weka kipande cha mbao ngumu dhidi ya nondo, chini kabisa ikigusa udongo, uipige kwa nyundo kutoka pande nne kwa zamu, mapigo mafupi. Kwa kuwa unapiga kwenye mstari wa ardhi hakuna urefu wa kupindia. Utaona uzi wa mwanya umefunguka kukizunguka. Tumia waya mgumu au spoki ya baiskeli kuuendeleza chini kadiri unavyofika.

Kisha finyanga kingo ya tope kukizunguka kigingi, upana wa sahani ya chai, kina cha vidole vitatu. Jaza nusu lita, subiri iishe, jaza tena. Kigingi cha kona ya kaskazini, ambacho ndicho kilichotutesa, kilimeza nusu lita ya kwanza kwa dakika 20 hivi. Ya pili ilichukua karibu saa nzima, maana ukuta ulishaanza kuvimba. Ya tatu tuliijaza jioni tukafunika kwa gunia bichi ili jua la asubuhi lisiinywe, tukaondoka kwenda kulala. Jumla lita moja na nusu. Sabuni kidogo ya unga kwenye maji inasaidia yapenye, lakini si lazima.

Asubuhi usivute. Zungusha kwanza. Vigingi vitatu vilivyolala na maji vilizunguka kwa mkono bila spana, na viwili vikatoka vikiwa vimepakwa tope zito linalonuka kisima. Kile cha kona kilizunguka vizuri, na hakikupanda.

Kinazunguka, lakini hakipandi

Dalili hii inawachanganya wengi, maana mtu anafikiri kikizunguka kimeisha. Sababu ziko tatu na zinatofautishwa kwa kutazama kichwa wakati unazungusha.

Kama kichwa kinazunguka mahali pamoja, palepale, na ukivuta unahisi kinapanda nusu sentimita kisha kinarudishwa chini kama kuna mtu anakinyonya, basi ni hivyo hasa. Umeweka maji, tope limeziba, na chini ya ncha hakuna hewa ya kujaza nafasi unayoiacha. Usivute kwa mkikimkiki. Vuta polepole sana ukizungusha, simama, kisukume pembeni kidogo ili hewa iingie, vuta tena. Utasikia sauti ya kufyonza, kisha kinaachia ghafla. Weka uso wako mbali. Mpwa wangu alikaa chini kwa makalio akiwa na kigingi mkononi na tope hadi kwenye nyusi.

Kama kichwa kinachora duara, yaani kinayumba huku na huku kadiri unavyozungusha, kigingi kimepinda chini. Kiligonga jiwe au mzizi siku ya kupigwa na hamkujua. Hiki hakitatoka kwa mstari wowote, kwa sababu hakina mstari. Kuna njia moja tu, kuchimba upande ule wa ndani wa pinde. Nitalieleza chini.

Na kama kinazunguka mahali pamoja, hakina mnyonyo, lakini kinagota kwa ukavu kila ukivuta, ncha yake imeumuka. Wapo mafundi wanaokata nondo bila kuichonga, na ikipigwa kwenye ardhi ngumu ncha inafunguka kama uyoga. Uyoga huo ni mpana kuliko shimo. Kile cha kona kilikuwa hivi, na kilihitaji mtaimbo.

Mtaimbo, bila kukivunja

Funga mnyororo, si kamba. Kamba ya katani inakatika, na ya nailoni inanyumbuka na kuteleza. Zungusha mnyororo mara tatu kwenye nondo, chini kabisa, ili ujikaze wenyewe ukivutwa. Mbavu zilizokuwa adui sasa zinakusaidia, mnyororo haupandi juu. Usiufunge kwenye pete ya kichwa. Pete imechomelewa pembeni mwa nondo, na ukiivuta inakivuta kigingi kwa upande mmoja. Kwenye mvutano wa namna hiyo kinachoachia kwanza ni ile chomelea.

Weka gogo au tofali mbili karibu na kigingi, upande wa nje kilikoinamia. Ncha ya mtaimbo ipite juu yake ishike mnyororo. Mtaimbo wetu una mita moja na nusu. Ukiacha sentimita 15 kutoka kwenye gogo hadi kwenye mnyororo, upande wako unabaki na sentimita 135, maana yake kila kilo unayobonyeza inakuwa kilo tisa kwenye kigingi. Mtu akibonyeza kwa kilo 30 tu, kigingi kinavutwa kwa 270. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya uwezo wa nondo, mradi mvutano uko kwenye mstari.

Na hapo ndipo pana mtego. Ncha ya mtaimbo haipandi wima, inachora tao. Sentimita chache za kwanza inakwenda na kigingi, baada ya hapo inaanza kukivuta kuja kwenye gogo na kukipinda. Kwa hiyo bonyeza sentimita tatu, basi. Rudisha, teremsha mnyororo tena hadi kwenye ardhi, ongeza kipande cha mbao juu ya gogo kama linahitaji kupanda, bonyeza tena. Mtu wa pili asimame pembeni kwa hatua tano, afunge jicho moja, na aseme kama mnyororo na kigingi ni mstari mmoja. Mzee aliichukua kazi hiyo bila kuombwa, akawa anapaza sauti "kushoto!" kila mara tulipokosea.

Kigingi cha kona kilipanda kwa mibonyezo 14 mpaka sentimita 40 zikawa nje. Ncha yake ilikuwa imefunguka upana wa sarafu.

Kilipanda, kisha kikakwama njiani

Huenda kigingi kikatoka sentimita 10 au 15 kwa furaha kubwa kisha kikagoma upya. Wengi wanaongeza nguvu. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba vipande vya ukuta mkavu vimeanguka kwenye mwanya na kujipachika kati ya nondo na shimo kama kabari. Kadiri unavyovuta, kabari inakaza. Kigonge kirudi chini sentimita mbili tatu, kizungushe, toa vipande kwa ile spoki, mwaga maji kikombe kimoja, anza tena. Kimoja chetu tulikirudisha hivyo mara tatu.

Ikiwa mwanzoni kilikuwa kinatoka na wewe umebadilisha mahali pa kusimama, rudi uliposimama kwanza.

Kinatikisika juu, hakiji

Mbuga ikipasuka, ufa unaweza kupita pale kilipo kigingi. Juu kunakuwa wazi, kigingi kinacheza kama jino la mtoto, lakini chini ya ufa kimebanwa vilevile. Hiki ndicho kinachopinda kwa urahisi kuliko vyote, maana sasa sentimita 20 au 30 hazina udongo wa kuziegemeza na mtu anashawishika kukitikisa kwa nguvu. Usikitikise. Mimina maji ndani ya ufa moja kwa moja, kwa kuwa njia iko tayari, yanafika chini ndani ya dakika badala ya usiku mzima. Subiri saa tatu nne, kizungushe. Vyetu viwili vilikuwa hivi na vilikuwa rahisi kuliko vyote baada ya kuacha papara.

Kimepinda ardhini au kimekatika

Hapa hakuna ujanja. Usijaribu kunyoosha kigingi kingali ardhini, unamaliza uhai wake uliobaki. Chimba kwa ncha ya mtaimbo upande mmoja tu, ule ambao pinde imetazamia, shimo la upana wa kiganja, ukiteremka sambamba na nondo. Ukifika sehemu ilikopindia, kisukume kiingie kwenye shimo hilo na kitoke kwa upande. Usichimbe kukizunguka pande zote, ni kazi mara nne kwa faida ileile. Sururu itumike mbali na nondo. Ikiigonga inaacha kovu, na kovu ndilo mwanzo wa mpasuko.

Kipande kilichokatikia ndani nacho ni hivyohivyo, ila wekea alama mahali pake usiku usije kukisahau. Uwanja ule ng'ombe wanapita.

Vile vigingi vidogo vya mahema ya safari, vya alumini au waya, wageni wanavyokuja navyo kuelekea Kigoma, havina ubavu wa haya yote. Spana itavisokota, mtaimbo utavikata shingo. Maji usiku, kisha pitisha kigingi kingine kwenye ndoano yake kiwe mpini, zungusha kwa vidole na uvute. Kisipokuja chimba kwa kisu.

Nilichobadilisha baada ya hapo

Vigingi 12 tulivitoa vyote kwa siku mbili. Vinne kwa nyundo ya chini na spana, viwili kwa kuzungusha tu, viwili vya kwenye ufa, viwili kwa maji ya usiku, kimoja kwa mtaimbo, na kimoja kilichopinda tulikichimba. Kilichopinda nilikikata nikakifanya kifupi. Ncha iliyoumuka fundi wa kuchomelea aliichonga upya kwa shilingi chache.

Kwa turubai la kukaa miezi sasa natumia chuma cha mviringo kisicho na mbavu, unene uleule. Kwenye tope la Aprili kinashika kidogo kuliko cha mbavu, hilo ni kweli, kwa hiyo naongeza viwili kwenye kona. Kabla ya kukipiga nakipaka grisi nzito. Na namlipa mlinzi wa uwanja avizungushe vyote robo duara kila Jumamosi kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, majuma yale ambayo ardhi inakauka. Baada ya hapo ukuta umeshakuwa mgumu na shimo limebaki na umbo lake, kigingi kinakaa ndani kama mchi kwenye kinu.

Mzee aliniomba kimoja cha mbavu. Anakitumia kufungia ndama.